Mwaka Uliochongwa Juu ya Mlango: Kuhusu Kufasiri Tarehe za Kilatini kwenye Nyuso za Majengo

1. Chanzo cha makala haya

Katika somo letu la tafsiri tuliwahi kuwapa wanafunzi picha ya uso wa Basilika la Mtakatifu Petro, Roma, pamoja na maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwa herufi kubwa juu ya nguzo zake. Kazi ilikuwa kuufasiri mstari huo mmoja kwa Kiswahili sanifu na kuuandika mwaka wake kwa tarakimu za kawaida. Tuliidhani kazi nyepesi, ya kufungulia somo tu.

Majibu yaligawanyika pande mbili. Wengi waliandika kwamba Papa Paulo V alilijenga kanisa hilo mwaka 1619. Mwanafunzi mmoja aliandika 1612, akaongeza maneno «mwaka wa saba wa upapa wake», na wala hakuandika popote kwamba Papa huyo alijenga kitu chochote. Sisi tulikuwa na kijitabu kilichochapishwa kwa ajili ya mahujaji, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kutoka lugha nyingine, nacho kilisema wazi: «alilijenga mwaka 1619». Tukakiamini kilichochapishwa. Wengi wakapata alama nzuri. Yule mmoja akakatwa alama kwa mwaka na kwa kitenzi kilichokosekana.

Hakunung’unika. Juma lililofuata alileta karatasi moja yenye hesabu, akaiweka mezani, akasema: «Mwalimu, naomba tusome jiwe, tukiache kitabu.» Makala haya ni jibu kwa karatasi ile. Ndani yake tunataka kuonyesha kwamba kugeuza namba za Kirumi kuwa mwaka wa kawaida si hesabu peke yake. Ni tafsiri, na hukosewa mahali pale pale ambapo tafsiri nyingine hukosewa, yaani katika uhusiano wa neno na neno.

2. Mstari wenyewe

Maandishi ya jiwe ni haya:

IN HONOREM PRINCIPIS APOST PAVLVS V BVRGHESIVS ROMANVS PONT MAX AN MDCXII PONT VII

Msomaji wa leo anakutana kwanza na taabu ya herufi V. Katika PAVLVS na BVRGHESIVS herufi hiyo ni irabu, ile tunayoiandika leo U. Katika neno linalosimama peke yake baada ya PAVLVS, ni namba: Paulo wa Tano. Katika VII mwishoni, ni namba tena, lakini haihesabu mapapa, inahesabu miaka. Kwa hiyo alama moja inafanya kazi tatu katika mstari mmoja, na hakuna kinachotenganisha kazi hizo ila sarufi ya sentensi.

Taabu ya pili, ambayo ndiyo iliyozaa mwaka 1619, ni kifupisho PONT. Kinatokea mara mbili na hakina maana moja. Mara ya kwanza kinafuatwa na MAX, na pamoja vinasomeka Pontifex Maximus, cheo cha Papa. Mara ya pili kinafuatwa na namba, nacho kinasimama badala ya pontificatus, yaani «wa upapa». Neno AN, ambalo ni anno, «katika mwaka», linazitawala namba zote mbili zinazofuata: katika mwaka MDCXII, wa upapa VII.

Tukihesabu: M ni 1000, D ni 500, C ni 100, X ni 10, na II ni 2. Jumla yake ni 1612. Hapo mwaka umekwisha. VII iliyobaki ni hesabu nyingine kabisa. Mfasiri wa kijitabu aliikuta VII ikining’inia mwishoni bila bwana, akaiongeza juu ya 1612, akapata 1619. Huenda hakujua Kilatini, au pengine aliifasiri sentensi ya mtu aliyekuwa amekwisha kukosea. Vyovyote iwavyo, kosa lake ni la kusoma namba zote za mstari kama namba moja.

Je, kwa nini halikuonekana? Kwa sababu lilianguka mahali pazuri. Paulo V alichaguliwa tarehe 16 Mei 1605 na akafariki tarehe 28 Januari 1621. Mwaka 1619 umo ndani ya utawala wake. Kama jumla ingalifika 1625, msomaji yeyote mwenye orodha ya mapapa angalishtuka. Kosa linaloangukia ndani ya maisha ya mtu huishi muda mrefu kuliko kosa linaloangukia nje.

3. Hesabu mbili zinazochungana

Karatasi ya mwanafunzi wetu ilikuwa na mistari michache tu. Aliandika kwamba mwaka wa kwanza wa upapa wa Paulo V ulianza Mei 1605 ukaisha Mei 1606; wa pili ulianza Mei 1606; na kwa kufuata ngazi hiyo hiyo, wa saba ulianza Mei 1611 ukaisha Mei 1612. Mwaka 1612 wa kalenda na mwaka wa saba wa upapa vinakutana, basi, katika kipande kimoja tu: kuanzia Januari hadi Mei 1612. Tarehe mbili za jiwe zinakubaliana, na kukubaliana kwake kunatupa habari ambayo hakuna hata moja kati yake ingeweza kutupa peke yake.

Kisha akajaribu 1619. Kama jiwe lingechongwa mwaka huo, lingesema PONT XIV kabla ya Mei, au PONT XV baada yake. Halisemi hivyo. Kijitabu, kwa kuzijumlisha hesabu hizo mbili, kilimharibu shahidi ambaye angeweza kukisahihisha.

Hapa pana jambo la Kiswahili ambalo hatuna budi kulisimamia kidogo. Mwaka unaohesabiwa kwa utawala ni wa mpangilio, si wa jumla. «Mwaka wa saba wa upapa wake» na «miaka saba ya upapa wake» si kitu kimoja. Mtu aliye katika mwaka wa saba ametimiza miaka sita. Tafsiri isemayo «baada ya miaka saba ya upapa» inalisogeza jiwe mbele ya Mei 1612, nje ya kipande tulichokipata sasa hivi. Kiswahili kina kiunganishi «wa» kinachotofautisha mambo haya bila jasho, na mfasiri anayekiacha hana wa kumlaumu.

Faida ya hesabu hizo mbili huonekana zaidi pale jiwe linapokuwa limeliwa na mvua. Tuseme vijiti viwili vya mwisho vya MDCXII vimefutika, ikabaki MDCX. Msomaji angeandika 1610 kwa imani yote. Lakini PONT VII ingemkatalia, maana mwaka wa saba wa Paulo V haukugusa 1610. Uligusa 1611 na 1612 tu. Angejua, bila kupanda ngazi, kwamba kuna kijiti kimoja au viwili vilivyopotea.

Desturi hii si ya mapapa peke yao. Juu ya tao la Admiralty mjini London pamechongwa kwamba ni mwaka wa kumi wa Mfalme Edward VII, kwa maneno kamili, ANNO DECIMO, na mwishoni pakawekwa MDCCCCX. Wanafunzi waliofundishwa kwamba C nne haziruhusiwi hukimbilia kusema mchongaji amekosea, kwa kuwa walitarajia MCMX. Hakukosea. Kanuni ya kutoa, yaani kuiweka alama ndogo mbele ya kubwa, haikuwa sheria kwa Warumi wenyewe, na wachongaji wa baadaye waliendelea kutumia namna zote mbili. Thamani ni 1910. Na hapa pia shahidi wa pili yupo: Edward VII alirithi kiti tarehe 22 Januari 1901, mwaka wake wa kumi ukaanza tarehe 22 Januari 1910, naye akafariki tarehe 6 Mei mwaka huo huo. Tao lenyewe lilikamilika 1912. Habari hiyo ya mwisho inatuleta kwenye kosa la pili la kijitabu, ambalo kwetu ni kubwa kuliko la kwanza.

4. Kitenzi ambacho jiwe halikusema

Msomaji aurudie mstari wa Basilika la Petro na kuutafuta utendi wake. Haumo. Jiwe linasema: kwa heshima ya Mkuu wa Mitume, Paulo V Borghese, Mrumi, Papa, katika mwaka 1612, wa saba wa upapa wake. Limetaja nani, kwa heshima ya nani, na lini. Halikutaja alifanya nini. Katika maandishi ya namna hii Kilatini huruhusu kitenzi kiachwe, kwa kuwa mwenye kusimama mbele ya jengo anajionea mwenyewe kilichofanyika.

Kijitabu kilijaza pengo hilo kwa neno «alilijenga», na kiambishi -li- kikalirejelea kanisa zima. Basi mwaka wa uso wa jengo ukawa mwaka wa kanisa. Lakini jiwe la msingi la kanisa hili liliwekwa tarehe 18 Aprili 1506, chini ya Papa Yulio II, miaka 99 kabla ya Paulo V kuchaguliwa. Lilitabarukiwa tarehe 18 Novemba 1626 na Urbano VIII, zaidi ya miaka mitano baada ya Paulo V kufariki. Lililo lake Paulo V ni sehemu ya mbele, pamoja na uso huu uliobuniwa na Carlo Maderno. Mwenye kusoma «alilijenga» amepewa uongo ambao jiwe halikuusema.

Tulipomkata alama mwanafunzi wetu kwa kukosa kitenzi, tulikuwa tukimwadhibu kwa uaminifu. Tafsiri yake ilikuwa hivi: «Kwa heshima ya Mkuu wa Mitume. Paulo V Borghese, Mrumi, Papa, mwaka 1612, wa saba wa upapa wake.» Tuliiona si sentensi. Lakini Kiswahili kinayajua maandishi yasiyo na kitenzi: tunayasoma juu ya makaburi, kwenye vibao vya milango, mwanzoni mwa vitabu vinavyotolewa kwa heshima ya wazazi. Lugha yetu haikudai kitenzi hapa. Tuliokidai ni sisi walimu, kwa mazoea ya darasani.

5. Chemchemi yenye miaka miwili

Huenda mtu akasema kwamba kisa hiki ni cha pekee, kwa kuwa kitenzi hakimo. Tutazame basi jiwe lenye vitenzi. Juu kabisa ya Chemchemi ya Trevi, mjini Roma humo humo, pameandikwa kwamba Klementi XII aliyapamba kwa mapambo ya fahari maji ya Virgo, yanayosifiwa kwa wingi na uzima wake. Mwisho wake ni ANNO DOMINI MDCCXXXV PONTIF VI, yaani mwaka wa Bwana 1735, wa sita wa upapa wake. Klementi XII alichaguliwa tarehe 12 Julai 1730, kwa hiyo mwaka wake wa sita ulianza Julai 1735, na tarehe hizo mbili zinakutana katika nusu ya pili ya 1735. Hesabu imetimia.

Mfasiri mwenye haraka ataandika: «Chemchemi hii ilijengwa mwaka 1735.» Lakini kitenzi cha jiwe ni ORNAVIT, «aliyapamba», na kinachopambwa ni maji, si chemchemi. Maji hayo yalifika Roma kwa mfereji ulioanza kutumika mwaka 19 K.K., kazi ya Marko Agripa. Jina lake, Virgo, ni jina la mfereji huo wa kale, na mfasiri anayeliandika «Bikira Maria» ameingiza imani mahali palipokuwa na jina la mfereji tu.

Chini yake pana mstari mwingine: PERFECIT BENEDICTVS XIV PON MAX, «Benedikto XIV, Papa, aliikamilisha». Hapo hapana mwaka. Na chini zaidi pana maandishi ya Klementi XIII yenye MDCCLXII, 1762, yakisema kwamba sanamu na michoro ya mawe imewekwa na kazi imetimizwa pamoja na mapambo yake yote. Historia inayakubali maandishi haya ya mwisho. Nicola Salvi, aliyeibuni chemchemi, alianza kazi 1732 akafariki 1751, na ilikuwa 1762 ilipofunguliwa, chini ya uangalizi wa Giuseppe Pannini.

Basi uso mmoja una mapapa watatu, vitenzi vitatu na miaka miwili. Aliyepamba hakumaliza. Aliyesema amekamilisha alikufa 1758, kabla ya mwisho wenyewe. Mfasiri asipoushikanisha kila mwaka na kitenzi chake, atalazimika kuchagua mwaka mmoja na kuifanya mingine iwe makosa. Na kwa kuwa maandishi ya juu ndiyo makubwa, atachagua 1735, ambao kati ya yote ndio usiosema lolote juu ya kuisha kwa kazi.

6. Pale ambapo kugeuza ni kuongeza

Hadi hapa tumeshughulika na mawe yanayotaja mwaka. Yapo yanayoonyesha wakati bila kutaja mwaka wowote, nayo yanatuonyesha mpaka wa kazi yetu. Agripa yule wa mfereji anatajwa juu ya baraza ya Pantheon:

M AGRIPPA L F COS TERTIVM FECIT

Yaani: Marko Agripa, mwana wa Lukio, konsuli kwa mara ya tatu, alifanya. Warumi waliutaja mwaka kwa majina ya makonsuli wake, na tunajua kwamba Agripa alikuwa konsuli kwa mara ya tatu mwaka 27 K.K. Kwa sababu hiyo tumeona tafsiri zinazoandika moja kwa moja: «Agripa aliijenga mwaka 27 K.K.»

Jengo lililosimama leo si la Agripa. Mwaka 1892 msanifu majengo Mfaransa Georges Chédanne aliichunguza mihuri iliyopigwa katika matofali yake, akaikuta ni ya zama za Kaisari Hadriano, zaidi ya miaka 140 baada ya konsuli huyo. Utafiti wa karne hii unaelekea kuuweka mwanzo wa ujenzi nyuma kidogo, mwishoni mwa utawala wa Trayano. Mwandishi wa kale wa maisha ya Hadriano anasema kwamba alipoyatengeneza upya majengo ya Roma aliyaacha na majina ya waliotangulia kuyajenga. Jiwe, basi, halimdanganyi anayeijua desturi hiyo. Linamdanganya anayeligeuza kuwa mwaka na kuupachika mwaka huo kwenye kuta anazoziona.

Tofauti na Basilika la Petro ni hii. Kule, 1612 ni tafsiri ya MDCXII. Hakuna kilichoongezwa, ni alama zile zile kwa mwandiko mwingine. Hapa, «27 K.K.» si tafsiri ya COS TERTIVM. Ni matokeo ya utafiti yaliyotolewa kwenye orodha ya makonsuli, na yanahesabiwa kutoka kuzaliwa kwa Kristo, tukio ambalo Agripa hakuwa na namna ya kulijua. Likiingia ndani ya maneno ya jiwe, msomaji hana tena njia ya kutenganisha sauti ya jiwe na sauti ya mfasiri.

7. Hitimisho

Kutokana na visa hivi tunapendekeza kanuni moja kwa wanafunzi wetu, nayo ni fupi: jiwe likitaja namba ya mwaka, lipewe namba, likitaja cheo au utawala, lipewe cheo au utawala. Namba ya Kirumi ya mwaka na igeuzwe bila woga ndani ya tafsiri, maana msomaji wa Kiswahili hapati faida ya kukisia MDCCLXII. Mwaka wa utawala ubaki ulivyo, «mwaka wa sita wa upapa wake», kwa kuwa ndio unaoichunga namba hiyo. Mwaka unaotokana na cheo uende kwenye maelezo ya mfasiri, nje ya maneno ya jiwe. Na kila mwaka ubaki ubavuni mwa kitenzi chake. Kama kitenzi hakimo, mfasiri asikitunge.

Kanuni hii haitatui kila jambo. Haitamsaidia mtu aliyepewa nakala mbaya badala ya picha, wala anayefasiri tafsiri ya mtu mwingine bila kuliona jiwe. Kwa mtu huyo tuna shauri moja: mwaka wowote utakaoukuta, uulize ni mwaka wa kutenda nini. Sentensi ya kijitabu chetu isingelishinda swali hilo. «Alilijenga mwaka 1619»: alijenga nini, kanisa lililokuwa na miaka zaidi ya mia, au uso ambao wenyewe unasema 1612?

Yule mwanafunzi tulimrudishia alama zake mbele ya darasa, tukawaeleza wenzake sababu. Wale waliokuwa wameandika 1619 hatukuwapunguzia alama. Walikuwa wamejumlisha vizuri walichofundishwa kujumlisha. Kijitabu bado kiko kwenye kabati la idara yetu. Kwenye ukurasa ule tumebandika karatasi ya mwanafunzi, ili atakayekifungua asome hesabu hiyo kwanza.